Bei imepanda na mauzo yamepanda: kwa nini data ya mauzo inakudanganya kuhusu elastisiti

Kila anayeuza kitu ana swali hili kichwani: nikipandisha bei kidogo, wateja watapungua kiasi gani? Jibu lake ni namba moja, elastisiti ya mahitaji kwa bei. Ikiwa -2 maana yake bei ikipanda kwa asilimia 1 idadi inayouzwa inashuka kwa kama asilimia 2, ikiwa -0.5 basi inashuka kwa nusu asilimia tu, watu wanalalamika lakini wananunua. Na siku hizi kila muuzaji ana data, kila risiti iko kwenye kompyuta, bei hii hapa, idadi hii hapa, tarehe hii hapa. Kwahiyo mtu anaona kazi ni nyepesi: chukua logi ya idadi, chukua logi ya bei, piga rigresheni, yaani pitisha mstari katikati ya nukta za data, koefisienti inayotoka, yaani mteremko wa mstari huo, ndo elastisiti yenyewe.

Halafu inatoka +0.4.

Yaani kwa mujibu wa data, ukipandisha bei watu wananunua zaidi. Hapo wengi wanaanza kusafisha data upya, wanatoa wiki "za ajabu", wanaongeza vigezo mpaka alama ya kutoa ijitokeze, ikijitokeza wanapumua wanaandika ripoti. Shida ni kwamba data haikuwa na kosa lolote. Kila namba ilikuwa sahihi, na hata ukiwa na wiki milioni bado itatoka +0.4, sanasana utaipata kwa uhakika zaidi.

Tuchukue mfano mdogo wa kutunga, mdogo kabisa kiasi kwamba unaweza kuukokotoa kwa kalamu. Muuzaji mmoja, bidhaa moja, na elastisiti ya kweli tunaijua kwa sababu sisi ndo tumeiweka: -2. Wiki zake ni za aina mbili upande wa wateja, kuna wiki zilizopoa, ambapo hata bei ibaki palepale watu wananunua asilimia 30 chini ya kawaida, na kuna wiki zilizochangamka ambapo wananunua asilimia 30 juu ya kawaida. Muuzaji si mjinga, anajua wiki ipi ni ipi, amekaa kwenye biashara miaka, kwahiyo wiki iliyopoa anashusha bei asilimia 10 na iliyochangamka anapandisha asilimia 10. Upande wa pili kuna gharama ya kumletea mzigo, nayo mara iko chini mara iko juu bila kujali wateja wamechangamka au la, ikiwa chini anashusha bei asilimia 5 nyingine na ikiwa juu anaongeza asilimia 5.

Tunapata wiki nne. Ya kwanza imepoa na gharama iko chini: bei iko 15 chini ya kawaida, punguzo hilo linavuta mauzo 30 juu, lakini upoevu unayarudisha 30 chini, jumla mauzo ni sifuri, yaani ya kawaida tu. Ya pili imepoa na gharama iko juu: bei iko 5 chini, inavuta 10 juu, upoevu unatoa 30, mauzo yanaishia 20 chini. Ya tatu imechangamka na gharama iko chini: bei 5 juu, inapunguza 10, mchangamko unaongeza 30, mauzo 20 juu. Ya nne imechangamka na gharama iko juu: bei 15 juu, inapunguza 30, mchangamko unaongeza 30, tunarudi sifuri.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mchambuzi ambaye hakuambiwa habari za kupoa na kuchangamka, anaona bei na mauzo tu. Bei -15 mauzo 0, bei -5 mauzo -20, bei 5 mauzo 20, bei 15 mauzo 0. Akipitisha mstari katikati ya nukta hizo nne unapanda juu, mteremko wake ni 0.4 kamili. Wateja ni walewale wenye elastisiti ya -2, hakuna hata mmoja aliyependa bei kubwa, na mstari bado unapanda.

Kilichotokea ni kwamba bei haikuanguka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliipanga, na alipokuwa anaipanga alikuwa anaangalia kilekile kinachosukuma mauzo. Kwahiyo bei kubwa kwenye data imebeba habari mbili kwa pamoja: ya kwanza "ni ghali", na hiyo inawapunguza wateja, ya pili "hii ni wiki ambayo muuzaji aliona watu wengi wanakuja", na hiyo inaendana na mauzo makubwa. Rigresheni haina uwezo wa kuzitenganisha, inakupa mchanganyiko wake. Hii ndo endojeniti, bei imezaliwa ndani ya mfumo uleule unaojaribu kuupima. Ukitaka kuona hesabu yake, upotofu, yaani kiasi ambacho jibu limekosea, ni sawa na kovariansi ya bei na kile usichokiona, gawanya kwa variansi ya bei. Kwenye mfano wetu hiyo ni 300 gawanya kwa 125, yaani 2.4, jumlisha kwa -2 unapata 0.4.

Angalia pia kwamba ukubwa wa uongo unategemea bei ilisukumwa na nini zaidi. Kama gharama ingekuwa inapandishwa na kushushwa vibaya sana na muuzaji hajali sana hali ya wateja, mstari ungesogea kuelekea -2. Kwahiyo muuzaji anayesoma soko lake vizuri ndo data yake inakuwa mbaya zaidi kwa kazi hii, na huyu ambaye leo amewekewa programu inayobadilisha bei kila saa kufuata mahitaji, data yake ni nyingi mno na kwa swali letu ni mbovu mno. Inachekesha kidogo lakini ndo hivyo.

Na hili si jambo la zama za kompyuta. Mwaka 1914 mchumi wa Marekani, Henry Moore, alipima mahitaji ya chuma ghafi kwa takwimu za miaka mingi, akapata mstari unaopanda, akautangaza kama aina mpya ya mahitaji. Wenzake walimpinga, maana uchumi ukichangamka kila kiwanda kinataka chuma na bei inapanda pamoja na idadi, kwahiyo alichokuwa anakiona kilikuwa kinafanana zaidi na upande wa wauzaji kuliko wa wanunuzi. Mwaka 1927 Elmer Working alilieleza vizuri: nukta za bei na idadi ni sehemu ambapo mistari miwili imekutana, wa wanunuzi na wa wauzaji, na kama yote miwili inasogea huwezi kujua umechora upi. Kama wa wanunuzi ndo unasogea na wa wauzaji umetulia, nukta zitachora wa wauzaji. Ili wa wanunuzi uonekane inabidi wa wauzaji ndo usogee.

Jibu la kwanza ambalo kila mtu analitoa ni "si uweke kontrol". Ongeza kigezo cha msimu, cha siku ya wiki, cha sikukuu, cha hali ya hewa. Na kweli, kwenye mfano wetu ukiwa na safu inayosema wiki hii imepoa au imechangamka, kazi imeisha: ndani ya wiki zilizopoa pekee bei inatoka -15 hadi -5, imepanda 10, mauzo yanatoka 0 hadi -20, yameshuka 20, hiyo ni -2 safi kabisa. Wiki zilizochangamka nazo zinatoa -2 ileile.

Lakini hiyo inafanya kazi pale tu ambapo wewe unaona kila alichokiona muuzaji. Na kwa kawaida huoni. Anajua mshindani wake ameishiwa stoki, anajua bidhaa imesemwa vizuri mtandaoni juzi, anajua mteja mkubwa anakuja mwisho wa mwezi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoingia kwenye mfumo wa mauzo. Kuna mtego mwingine hapa ambao watu wanausahau: ukijaza vigezo vingi sana, kimoja kwa kila wiki, kimoja kwa kila tawi, unaweza kuwa unafuta zile tofauti nzuri za bei zilizotokana na gharama, halafu tofauti chache zinazobaki ni zile ambazo muuzaji alizifanya kwa sababu maalum usiyoijua. Kontrol zimeongezeka na upotofu umeongezeka pia. Kwahiyo kabla ya kuongeza chochote, jiulize bei iliyobaki baada ya kontrol zote hizi, ni nini kinaifanya bado itikisike? Kama huna jibu la swali hilo, koefisienti yako haina maana hata kama alama yake ni sahihi na nyota za umuhimu wa kitakwimu zimejaa pembeni.

Njia ya pili ni kutafuta kitu kinachosukuma bei kutoka upande wa muuzaji tu bila kugusa hamu ya mnunuzi, na kuutumia msukumo huo peke yake. Hiyo ndo instrumenti, na hesabu yake ilichapishwa mwaka 1928 na Philip Wright, kwenye kiambatisho cha kitabu kilichohusu ushuru wa mafuta ya wanyama na mimea, mahali ambapo hakuna mtu angetegemea kuikuta. Kwenye mfano wetu instrumenti ni gharama ya mzigo. Tunasahau kabisa kupoa na kuchangamka, tunagawa wiki kwa gharama tu. Wiki za gharama juu wastani wa bei ni 5 juu ya kawaida na wastani wa mauzo ni 10 chini. Wiki za gharama chini bei ni 5 chini na mauzo ni 10 juu. Kutoka upande mmoja hadi mwingine bei imesogea 10 na mauzo yamesogea -20, gawanya, -2. Tumeipata bila kujua chochote kuhusu hali ya wateja, kwa sababu hali ya wateja imegawanyika sawasawa pande zote mbili ikajifuta yenyewe.

Ukiwa na R unaweza kuhakikisha mwenyewe:

```r
p <- c(-15, -5, 5, 15)   # bei
q <- c(0, -20, 20, 0)    # mauzo
z <- c(-5, 5, -5, 5)     # gharama
cov(p, q) / var(p)       # 0.4
cov(z, q) / cov(z, p)    # -2
```

Mstari wa nne ni rigresheni ya kawaida, wa tano ni instrumenti. Data ileile.

Kwenye maisha halisi lakini gharama haziji safi hivyo. Chukua bei ya mafuta ya gari, watu wanaipenda sana kama instrumenti kwa sababu inapandisha gharama ya usafirishaji, ila mafuta yakipanda na mnunuzi naye mfuko unapungua, kwahiyo msukumo umegusa pande zote mbili na -2 yako imechafuka. Sharti hili, kwamba instrumenti isiguse mahitaji kwa njia nyingine yoyote, huwezi kulipima moja kwa moja kwenye data, inabidi ulitetee kwa kuijua biashara yenyewe. Wengine wanatumia bei ya bidhaa ileile kwenye miji mingine, wakisema ikipanda kote ni gharama ya kiwanda. Ni sawa mpaka siku kampuni inaporusha tangazo la nchi nzima, mahitaji yanapanda kote na bei zinapanda kote, na instrumenti imegeuka kuwa ugonjwa uleule ulioukimbia.

Sharti la pili angalau linapimika: gharama lazima isogeze bei kweli. Muuzaji akiwa anameza mabadiliko ya gharama na bei inabaki palepale, ile namba ya chini kwenye mgawanyo inakaribia sifuri, na kugawanya kwa kitu kinachokaribia sifuri unajua kinachotokea, jibu linaruka huku na huko na linarudi taratibu kuelekea lile la rigresheni ya kawaida. Desturi iliyozoeleka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ni kuangalia takwimu ya F ya hatua ya kwanza, yaani kipimo cha nguvu ya instrumenti katika kusogeza bei, ikiwa chini ya 10 ujue instrumenti ni dhaifu. Siku hizi wataalamu wengi wanaona hata 10 ni kidogo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kwa wauzaji ambao bei yao ni endojeniti tupu kwa makusudi, yaani Uber. Bei inapanda pale hasa ambapo watu wanaotaka gari ni wengi kuliko magari, kwahiyo rigresheni ya kawaida hapo ni kupoteza muda. Watafiti watano, Cohen, Hahn, Hall, Levitt na Metcalfe, mwaka 2016 walitoa kazi iliyotumia rekodi karibu milioni 50 za watu waliofungua apu kwenye miji minne ya Marekani. Walichokitumia ni kitu kidogo sana: wakati huo algorithimu ilikuwa inakokotoa kizidisho cha bei kwa desimali nyingi, lakini mteja alikuwa anaonyeshwa kilichokadiriwa kwenye desimali moja. Kwahiyo hali ya mahitaji ikitoa 1.249 mteja aliona 1.2, ikitoa 1.251 aliona 1.3. Kati ya 1.249 na 1.251 hakuna tofauti yoyote ya maana mtaani, mvua ni ileile, watu wametoka kazini muda uleule, ila bei imeruka kwa asilimia 8 na kitu. Ukilinganisha waliokuwa chini kidogo ya mpaka na waliokuwa juu kidogo, tofauti ya kuagiza gari imetokana na bei. Elastisiti walizopata mara nyingi zilikuwa kati ya -0.4 na -0.6.

Kwa nini hii ina nguvu kuliko instrumenti za kubahatisha? Kwa sababu tunajua hasa muuzaji alikuwa anaangalia nini. Muuzaji ni algorithimu, kila alichokiona kimeandikwa kwenye ile namba ya desimali nyingi, na watafiti walipewa namba hiyo. Kwa hiyo kama kampuni yako bei zinapangwa na programu, usikimbilie kwanza kwenye data ya mauzo, nenda kaombe kumbukumbu za programu yenyewe: iliona nini, ilipendekeza bei gani kabla ya kukadiria, nani aliibadilisha kwa mkono na lini. Huko ndo kuna dhahabu. Na kama bei zinapangwa na binadamu, kaa naye umuulize anavyoamua, saa moja ya maongezi naye inaweza kukupa instrumenti ambayo usingeiona kwenye majedwali mwaka mzima.

Watu wakishaelewa haya wanakariri kwamba upotofu siku zote unaisogeza elastisiti kuelekea sifuri. Si kweli. Hiyo ni kwa muuzaji anayepandisha bei watu wakiwa wengi. Wapo wanaofanya kinyume, wanatoa ofa kipindi cha sikukuu ambacho watu wangekuja tu hata bila ofa, na siku ya ofa bidhaa imewekwa mbele kabisa, ina bango, imetumiwa meseji kwa wateja wote. Bei imeshuka asilimia 20 na mauzo yamepanda mara tatu, mchambuzi anaandika elastisiti kubwa ya kutisha, wakati nusu ya kazi imefanywa na bango na msimu. Halafu bado kuna wanaonunua leo ili wasinunue wiki ijayo, kama bidhaa inakaa bila kuharibika. Dalili yake inaonekana ukichora mauzo ya wiki baada ya ofa, yakizama chini ya kawaida ujue ulichopima ni watu kuhamisha tarehe ya kununua. Jumlisha wiki ya ofa na wiki kadhaa zinazofuata ndo upate kitu kinachokaribia ukweli.

Kuna kipimo cha haraka cha kunusa kama namba yako imeoza. Muuzaji wa bidhaa moja anayetafuta faida, kwa nadharia, sehemu ya bei inayobaki juu ya gharama ya kuuza kipande kimoja zaidi ni 1 gawanya kwa elastisiti bila alama yake. Elastisiti -2 inadai nusu ya bei iwe juu ya gharama. Kama uhasibu unakuambia ni robo tu, elastisiti ya huyo muuzaji inapaswa kuwa karibu na -4, au hapangi bei kwa faida ya leo. Na ukipata kati ya sifuri na -1 kwa muuzaji wa namna hiyo, namba inasema angepandisha bei angepata mapato zaidi huku akiuza mzigo mchache, sasa kwa nini hajafanya hivyo? Labda anajenga soko, labda anamwogopa mshindani, au umepima itikio la dakika chache kama lile la mtu aliyesimama na apu mkononi, ambalo ni tofauti na atakachofanya baada ya miezi 6 ya bei kubwa. Mara nyingi zaidi ni upotofu uleule.

Dawa kamili ni kupanga bei kwa bahati nasibu. Chagua matawi au wiki kwa kura, weka bei juu kwa baadhi na chini kwa wengine, na meneja asiruhusiwe kugusa. Hilo la mwisho ndo gumu. Tawi likianza kuzidiwa na wateja meneja anarudisha bei juu "kidogo tu", na hapohapo bei imeanza tena kufuata mahitaji. Kama hilo limetokea usitupe jaribio na usiwatoe waliokiuka, tumia kura yenyewe kama instrumenti: linganisha waliopangiwa juu na waliopangiwa chini, wote, halafu gawanya tofauti ya mauzo kwa tofauti ya bei iliyotokea kweli. Wateja wakiweza kuhamia tawi la bei nafuu napo utapata elastisiti kubwa kuliko ile ya kupandisha bei kote, kwahiyo gawa kwa mji badala ya tawi, hata kama sampuli itapungua.